Mtumbwi mmoja, madumu mawili: nguvu ya rubisi na tembo inatoka wapi

Shughuli ilikuwa ya mahari, Muleba, nyumbani kwa wakwe zangu. Rubisi, pombe ya ndizi inayokamuliwa kwenye mtumbwi wa mbao, ililetwa kwa madumu. Dumu la kwanza likaenda kwa wazee waliokaa sebuleni, la pili likaja kwetu vijana chini ya mwembe. Kabla jua halijazama, wazee wawili walikuwa wamesinzia vitini na mmoja alikuwa anarudia hotuba aliyokwisha kuitoa. Sisi huku mwembeni tulikuwa tumekunywa vikombe vingi kuliko wao, na bado tunapiga soga kwa sauti zetu za kawaida.

Nilidhani ni umri tu. Shemeji yangu akaenda sebuleni, akanichotea nusu kikombe kutoka dumu la wazee na kunipa nionje. Ilikuwa nzito zaidi mdomoni, tamu kidogo, na baada ya kumeza nikahisi joto linashuka kifuani. Ya kwetu ilikuwa nyepesi na yenye uchachu.

"Hizi ni pombe mbili," nikamwambia.

"Hapana shemeji. Mtumbwi ule ule, ndizi zile zile, siku ile ile."

Nilirudi Tanga nalo jibu hilo, na kwa wiki kadhaa halikuniachia nafasi. Kama ndizi ni zile zile, mtama ni ule ule na mkamuaji ni yule yule, tofauti imeingilia wapi?

## Walionijibu "ni mtama"

Karibu kila niliyemuuliza alianza na mtama. Unakaangwa, unasagwa chenga chenga, unamwagwa juu ya juisi, kisha povu linapanda. Kwa hiyo, wakasema, mtama ukizidi pombe inakuwa kali.

Nilitamani jibu liwe hilo kwa sababu ni rahisi. Lakini hesabu haikubali. Kilevi kinatoka kwenye sukari. Hamira inakula sukari na kutoa vitu viwili, kilevi na hewa ya kabonidayoksaidi, karibu nusu kwa nusu kwa uzito:

```
C6H12O6 → 2 C2H5OH + 2 CO2
```

Mtama uliokaangwa hauna sukari ya kutosha kubadili mambo. Una wanga, na wanga hauliwi na hamira mpaka uvunjwe kwanza kuwa sukari. Mtama ulioota unabeba vimeng'enya vya kufanya kazi hiyo, lakini moto wa kikaango unaviua vingi. Kinachobaki ni msaada wa aina nyingine: chakula cha hamira chenye naitrojeni, rangi, harufu ile ya kukaangwa, na vipande vidogo ambavyo hamira na povu hushika. Mtama unaharakisha kazi na kuipa rubisi sura yake. Hauongezi sukari.

Hamira yenyewe watu hawainunui. Iko kwenye maganda ya ndizi, kwenye nyasi, kwenye mikono, na zaidi ya yote kwenye mbao za mtumbwi. Mtumbwi uliotumika miaka mingi umejaa hamira ndani ya nyufa zake, ndiyo maana juisi ikikaa humo usiku mmoja, asubuhi unakuta inachemka bila moto.

Basi nikauacha mtama, nikaifuata sukari.

## Siku za kuvumbika

Ndizi mbichi ina wanga mwingi na sukari kidogo sana. Takribani moja ya tano ya nyama yake ni wanga. Ikiiva, karibu wanga wote huo unageuka sukari. Hapa ndipo nguvu ya rubisi inapoanza kuamuliwa, siku kadhaa kabla mtu hajaingia mtumbwini.

Wanaokata embiile, yaani ndizi za pombe, wanazikata zikiwa zimekomaa lakini mbichi, kisha wanazivumbika: shimo lililotandikwa majani ya mgomba, moshi na joto kidogo, au juu ya dari la jiko. Joto linafanya mikungu iive pamoja. Hilo la kuiva pamoja ndilo gumu. Ukifungua shimo mapema, unakuta vichane vya juu ni vya njano na vya chini bado vina kijani shingoni. Vile vya kijani vinaingia mtumbwini na wanga wao, na wanga huo unabaki kwenye makapi bila kumfaa mtu.

Ukichelewa sana nako kuna hasara. Ndizi iliyopitiliza inakuwa uji. Ukiikamua na nyasi haitoi juisi safi, inatoa utope unaong'ang'ania nyasi, na bakteria wa uchachu wameshaanza kula sukari kabla ya hamira.

Baba mkwe wangu anaangalia kitu kimoja. Anamenya ndizi moja, anaiminya kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikitengana vipande vipande bado. Ikipakaa kama mafuta imepita. Anachotaka ni ile inayolegea, na ukiendelea kuisugua na jani kavu la nyasi, tone angavu linajitenga na nyama. Nilimtazama akifanya hivyo kwa ndizi kutoka pembe tatu za shimo moja, na majibu yakawa matatu. Aliamuru shimo lifunikwe tena.

Kwa hiyo hata mashimo mawili ya boma moja hayalingani. Lakini pombe ya siku ile ilitoka shimo moja. Swali langu likabaki palepale.

## Simu ya Jumapili

Nilipata jibu kwa bahati, nikizungumza na shemeji mambo mengine kabisa. Nilimwomba anisimulie ukamuaji wa siku ile tangu mwanzo, hatua kwa hatua, bila kuruka.

Walimenya, wakajaza mtumbwi, wakatia nyasi za rweya, yaani za mbuga ya wazi, vijana wakakanyaga mpaka juisi ikaanza kutoka. Wakamimina maji kidogo kulegeza. Wakachuja. Juisi hiyo ya kwanza ikatoka nene, ya dhahabu. Hapo mzee mmoja akasema wageni wa sebuleni watengewe ya kwao kabisa, likajazwa dumu la lita 20 na kutiwa mtama wake.

Halafu habari ikaja kwamba ukoo wa upande wa pili unakuja na watu wengi zaidi.

Nyasi na makapi yalikuwa bado yapo. Wakamwaga maji juu yake, wakakanyaga mara ya pili, na kile kilichotoka wakakirudisha kwenye mtumbwi kuchanganyika na juisi ya kwanza iliyobaki.

"Ndiyo nikakwambia," akasema, "mtumbwi ule ule."

Alikuwa amesema kweli tangu mwanzo.

## Maji, kwa hesabu

Nilikuwa na haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea kwenye kimiminika. Kadiri sukari inavyokuwa nyingi ndivyo kinavyoelea juu zaidi. Maji matupu yanasoma 1.000. Wapikaji wa bia na divai wanakitumia duniani kote, nacho hakigharimu sana.

Nilipokwenda tena Muleba, nikapima. Juisi ya kwanza ya embiile zilizoiva vizuri, iliyotiwa maji kidogo tu, ilisoma 1.070. Ukamuaji wa pili, yale maji yaliyooshea nyasi, ulisoma 1.015. Tuchukue namba hizo na tufanye kama siku ya mahari: juisi ya kwanza lita 40. Lita 20 zimekwenda kwenye dumu la wazee zikiwa na 1.070 yake. Lita 20 zilizobaki zimeongezwa lita 20 za ukamuaji wa pili.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua tarakimu baada ya 1.0, zidisha kwa lita, jumlisha, gawa:

```
(70 × 20) + (15 × 20) = 1700
1700 ÷ 40 = 42.5   →   takribani 1.042
```

Kukadiria kilevi, toa kipimo cha mwisho kwenye cha mwanzo, zidisha kwa 131. Kama hamira ingemaliza sukari yote mpaka 1.000, dumu la wazee lingefika karibu asilimia 9 na la kwetu kati ya 5 na 6. Sukari yote haiishi kwa siku moja na nusu, hasa Muleba ambako ziwa na mwinuko vinafanya usiku uwe wa baridi. Tuseme theluthi mbili ya sukari imeliwa katika kila dumu. Wazee wanapata asilimia 6 na kitu, sisi tunapata 3 na nusu hivi.

Bia ya kawaida ya chupa ina asilimia 5 au karibu na hapo. Dumu moja lilikuwa juu yake, lingine chini yake. Na dumu la wazee lilikuwa bado lina sukari iliyobaki, ndiyo ule utamu nilioonja. Utamu uliwafanya wanywe kwa starehe.

Waswahili tumelijua jambo hili siku nyingi: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tofauti ni kwamba Muleba hakuna aliyemdanganya mtu. Wageni waliongezeka, na makapi yale yalikuwa bado na sukari ambayo ingekuwa dhambi kuitupa. Pombe ya asili inapikwa kwa kufuata idadi ya watu, na idadi ya watu haijulikani mpaka wafike.

Kuna jambo dogo hapa ambalo linaweza kuleta tofauti hata bila ukamuaji wa pili. Juisi yenye sukari ni nzito kuliko maji. Mtu akimimina maji juu ya juisi taratibu na asikoroge, tabaka la chini linabaki nene na la juu jepesi. Baadaye hewa ya uchachushaji ikianza kupanda inakoroga yenyewe, lakini aliyechota mapema kwa juu na aliyechota kwa chini hawakupata kitu kimoja.

## Tembo halina mwanzo

Nilipoelewa rubisi nikajiona nimemaliza. Ndipo nikakumbuka kwamba ninaishi kwenye minazi, na tembo la hapa kwetu halikubali maelezo yale. Hakuna kuvumbika, hakuna kukamua, hakuna nyasi za kuosha mara ya pili. Mti unatoa utomvu, mgema anauteremsha. Mbona tembo la asubuhi na la jioni kutoka mnazi mmoja linaweza kuwa na tabia mbili?

Nikaenda Mkinga, kaskazini ya Tanga, kwa mgema ninayemwita Mjomba ingawa hatuna udugu wa damu. Ana minazi kadhaa anayoipanda alfajiri na jioni. Kwenye kila mnazi kuna karara, yaani ala ya maua, ambalo halijafunguka, limefungwa kamba lisipasuke, limelazwa pole pole kwa siku kadhaa mpaka likaelekea chini. Kila anapopanda anakata kipande chembamba cha ncha yake kwa kotama, chembamba kiasi kwamba mwanga unapita. Asipokata, jeraha linajifunga na utomvu unakoma. Akikata kinene, karara linaisha kabla ya wakati wake.

Nilitaka kupima kama nilivyopima juisi ya ndizi, mwanzo na mwisho. Hapo nikakwama.

Mwanzo uko wapi?

Utomvu unadondoka tone kwa tone ndani ya kibuyu usiku kucha. Tone la saa moja jioni limekaa humo karibu saa kumi na mbili na kibuyu kinapoteremshwa limeshachacha. Tone la mwisho limeingia wakati Mjomba anapanda. Kibuyu kimoja kina umri wa aina zote. Na hakuna hata tone moja linaloingia mahali safi, kwa sababu kuta za kibuyu zina machicha ya jana, na machicha hayo ni hamira na bakteria waliokwisha kuzoea kazi.

Nilipima kibuyu cha asubuhi na haidromita ikasoma 1.034. Namba hiyo haikuniambia kitu. Inaweza kuwa ni utomvu mtamu sana ulioliwa nusu, au utomvu hafifu ambao haujaguswa.

Mjomba ndiye aliyetoa wazo. Alichukua chupa mpya tuliyoisuuza kwa maji yanayochemka, akaifunga chini ya karara mara tu baada ya kukata, na akaniambia nikae. Baada ya kama saa moja akaiteremsha. Kilichokuwa ndani kilikuwa kidogo tu, cha kutosha kipimo, na kilikuwa angavu kama maji ya dafu. Hakikuwa na weupe wowote. Kikasoma 1.058.

Weupe tunaoujua wa tembo ni hamira na bakteria wenyewe, kwa mamilioni, wakielea. Utomvu wa mnazi ukitoka kwenye jeraha hauna rangi, hauna uchachu, na sukari yake, ambayo ni sukrosi ileile ya muwa, ni kama gramu 140 hivi kwa lita.

Sasa namba ya asubuhi ikapata maana. Kutoka 1.058 mpaka 1.034 ni tofauti ya 0.024, yaani kilevi cha asilimia 3 hivi tayari, kabla kibuyu hakijagusa ardhi.

Cha jioni kilisoma 1.022. Saa ni zile zile kumi na mbili, lakini ni za mchana, jua la Tanga liko juu ya kibuyu, na hamira kwenye joto haina subira. Hiki kilikuwa karibu na asilimia 5. Mnazi ni mmoja, mgema ni mmoja. Kilichotofautiana ni joto.

Mvua nayo inaingilia kati, kwa sababu kibuyu kina mdomo na mvua haibishi hodi. Kuna pia uamuzi wa mgema mwenyewe. Akitaka tembo tamu la akina mama na wagonjwa, anakiosha kibuyu vizuri na kukiteremsha mapema. Akitaka la wanywaji, anaacha machicha kidogo chini. Mjomba alinionyesha vibuyu viwili vinavyofanana kabisa kwa nje, na akajua kipi ni kipi kwa kunusa mdomo wake tu.

## Ulimi hausomi kilevi

Hapa ndipo pananipa wasiwasi hasa, na ndiyo sababu ya kuandika yote haya.

Watu wengi tunapima nguvu kwa uchachu. Tembo la siku ya pili linapochoma koo tunasema hili ndilo lenyewe. Wakati mwingine ni kweli, kwa sababu limepata muda wa kumaliza sukari. Lakini kinachochoma koo ni asidi, na asidi ina njia yake.

Ndani ya kibuyu kuna makundi matatu. Hamira inageuza sukari kuwa kilevi. Bakteria wa asidi ya laktiki, ndugu wa wale wa maziwa mgando, wanageuza sehemu ya sukari hiyo hiyo kuwa uchachu, na kila gramu wanayoila ni gramu ambayo haitakuwa kilevi kamili. Kundi la tatu linakuja baadaye na linahitaji hewa: bakteria wa siki. Hawa hawataki sukari tu, wanakula kilevi chenyewe na kukigeuza siki.

Kwa hiyo tembo linapanda halafu linashuka. Kwa joto la pwani kilele kinaweza kuja ndani ya siku ya kwanza au ya pili. Baada ya hapo, hasa kama chombo kina mdomo wazi au dumu limebaki nusu na juu yake kuna hewa, kila saa inaondoa kilevi kidogo na kuongeza siki. Tembo la siku ya nne linaweza kukukunja uso na bado likawa na kilevi kidogo kuliko la jana yake.

Rubisi inadanganya kwa upande wa pili. Juisi ya kwanza iliyo nene inaweza kuwa imefika asilimia 6 na bado ina sukari ya kutosha kuficha. Mgeni anasema hii ni juisi, anaongeza kikombe. Nusu lita ya pombe ya asilimia 6 ni mililita 30 za kilevi kitupu. Nusu lita ya asilimia 3 na nusu haifiki 18. Mtu aliyezoea kujipimia kwa vikombe, "mimi ni wa vikombe vinne", kipimo chake hakina maana yoyote mpaka ajue ni kikombe cha nini.

Haidromita nayo ina mipaka yake, na ni vizuri nimweleze anayetaka kujaribu. Pombe inayochemka inang'ang'aniza viputo kwenye kioo na kukiinua, ukasoma namba kubwa kuliko ukweli. Mimina pombe kutoka kikombe kimoja kwenda kingine mara kadhaa mpaka hewa itoke, chuja mtama, subiri ipoe, ndipo utumbukize kipimo na kukizungusha kidogo. Tena kipimo hakijui siki. Kilevi kilichogeuka siki bado kitahesabiwa kama kilevi ukitumia ile hesabu ya kutoa na kuzidisha. Kwa tembo lililolala, namba hiyo ni kikomo cha juu tu, na ulimi unaosikia siki ndio unaokuambia uishushe.

## Dumu halilali

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna safari moja inayoeleza jambo lililobaki.

Watu wa Bukoba wanaosafiri kwa meli ya usiku kwenda Mwanza wanabeba rubisi kwa ndugu zao. Dumu linajazwa mchana, rubisi ikiwa changa na tamu. Mwenye uzoefu anaacha nafasi juu na kulegeza kifuniko. Asiye na uzoefu anakaza, na kabla ya alfajiri dumu limevimba pande zote mpaka halisimami.

Gramu 10 tu za sukari zilizobaki katika lita moja zinatoa zaidi ya lita 2 za hewa. Rubisi changa inaweza kuwa na gramu 60 au 70. Hewa hiyo ikikosa pa kutokea, inapasua dumu, na kwenye chupa ya kioo inapasua kioo.

Lakini uvimbe wa dumu unasema kitu kingine pia. Hewa na kilevi vinazaliwa pamoja, kwa hiyo dumu lililovimba ni dumu ambalo kilevi chake kimepanda. Ndugu wa Bukoba aliyeonja mchana akasema "nyepesi hii" na ndugu wa Mwanza aliyeonja asubuhi akasema "kali hii" wote wawili wako sawa. Hakuna kiwanda kilichochuja hamira, hakuna joto lililoiua, hakuna namba kwenye kifuniko iliyosimamisha saa.

Kuna wanaochemsha tembo au rubisi ili kuisimamisha. Moto unaua hamira, kweli, lakini kilevi kinachemka kwenye nyuzi 78 na kuanza kukimbia mapema zaidi, na ladha inabadilika. Kuiweka kwenye friji kunapunguza mwendo bila kuuzima. Njia ya Mjomba ndiyo anayoitumia kila mgema ninayemjua: tembo la asubuhi linywewe asubuhi, la jioni jioni.

Siku hizi nikikaribishwa rubisi ninauliza maswali mawili kabla ya kikombe cha pili. Hii ni ya ukamuaji wa kwanza au imeongezwa maji? Na iliwekwa mtama lini? Wenyeji wengi wanafurahi kuulizwa, wanaanza kubishana wao kwa wao, na mara nyingi atatokea mama mmoja kutoka jikoni mwenye jibu sahihi, kwa sababu yeye ndiye aliyechota maji.

Shemeji ameniambia kwamba kwenye shughuli ijayo ukamuaji wa pili utawekwa kwenye mtumbwi wake wenyewe, na madumu yatatiwa alama ya mkaa. Baba mkwe amekubali, kwa sharti kwamba sebuleni waletewe ya mtumbwi wa pili mchana, na ile ya kwanza itoke baada ya hotuba.